Kishikio cha Droo ya Tatu

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungukazunguka nitaipamba. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Bombolulu, huku pwani kwenye joto, paa la mabati na sakafu ya vumbi la mbao, na kwa miaka mitatu ukurasa wangu kwenye tovuti ya matangazo ulikuwa na picha ishirini na kitu za makochi, vitanda na makabati. Hata kimoja sikukitengeneza mimi.

Usinihukumu upesi, nitajihukumu mwenyewe, subiri. Mafundi karibu wote tunafanya hivyo. Tunaziita picha za mfano. Unachukua mtandaoni picha ya kochi la Uturuki, unakata jina la mwenyewe pale chini, unaandika, "Kazi zetu ni safi, karibuni." Mteja anapiga simu: "Fundi, lile la kijivu unaliweza?" Unamjibu, "Lile? Lile dogo sana." Kisha unampelekea kochi ambalo ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara linafanana. Moja ya picha zangu ilikuwa ya kochi jeupe la ngozi, na nyuma yake dirishani theluji inaanguka. Theluji, Bombolulu! Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kuiona mpaka mke wangu aliponionyesha.

Mke wangu anauza vitenge kwa simu, na katika nyumba yetu yeye ndiye mwenye akili. Siku moja alikuwa anataka kununua friji kwa mtu aliyejitangaza mtandaoni. Picha ilikuwa nzuri, bei nzuri zaidi. Akaihifadhi ile picha kwenye simu, akaipeleka pale panapotafutwa kwa picha badala ya maneno, na mara friji ileile ikatokea, jikoni kulekule, kwenye tangazo la zamani la duka la nchi ya mbali. "Ona," akasema, "hata tundu la umeme ukutani si la kwetu."

Akanifundisha. Kama picha moja iko mahali pengi, tafuta iliyotangulia kuwekwa. Tafuta iliyo kubwa na kamili, maana mwizi hukata pembeni palipo na jina. Wengine huigeuza, kushoto ikawa kulia, basi nawe igeuze ujaribu tena. Picha ikiwa na vitu vingi, kaza kile kisanduku cha kukatia picha kwenye kitu kimoja. "Na usipoona chochote," akasema, "ujue hujui chochote. Pengine picha haijawahi kuwekwa hadharani." Hilo la mwisho sikulisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshainuka kutafuta miwani yangu.

Lo! Kuanzia siku hiyo sikukamatika. Katika kundi la simu la jumuiya yetu ya kanisa nikawa ndiye mkaguzi. Mtu akiweka tangazo la kiwanja, la pikipiki, la mbwa wa kizungu, mimi naacha randa, napangusa vidole, natafuta. Nilimfichua muuza jenereta. Nilimfichua mtu wa viwanja aliyeonyesha ufuo ambao ulikuwa wa hoteli ya bara jingine kabisa. Nikawa naandika kwa herufi kubwa: WAPENDWA, HUYU NI TAPELI, NIMEMKAGUA. Wapendwa wananijibu kwa vile vipicha vya viganja vilivyoshikana vya kuombea. Kichwa kikavimba, nasema kweli. Ibada ikiisha nilikuwa nasimama mlangoni kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ili mwenye swali anione.

Mara moja nilimkagua mama mmoja wa kwaya aliyekuwa anauza matangi ya maji, nikaikuta picha yake kwenye tovuti ya wenye kiwanda, nikamtangaza. Kumbe yule mama alikuwa na matangi kweli, uani kwake, yamepangana, ila alitumia picha ya kiwanda kama vile mimi nilivyotumia kochi la theluji. Nilimwomba radhi faraghani. Kumtangaza nilimtangaza mbele ya watu sabini. Mke wangu alinitazama siku nzima, nami nikajitia hamnazo.

Sasa nimlete mdogo wangu. Ndugu yangu wa kike, kitinda mimba wetu, alikuwa amekaa kwetu miezi minane na watoto wake wawili tangu mumewe alipokwenda kutafuta kazi Nairobi akapotelea hukohuko. Sisi tuna vyumba viwili. Yeye na wanawe walilala sebuleni, magodoro yakitandikwa baada ya chakula na kukunjwa kabla ya chai. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye shule ya chekechea, na jioni alikaanga viazi karai mbele ya nyumba yetu. Kila alichopata alikiweka. Alitaka kitu kimoja tu duniani, chumba na sebule chenye mlango wake na kufuli yake. Binti yake mkubwa alikuwa ameanza kuona haya kuvaa sare ya shule nyuma ya pazia, na mama mtu aliliona.

Siku moja akaja karakana mwenyewe, mikono bado inanuka vitunguu. "Kaka, nimepata nyumba. Iko Mtopanga, nyuma ya kanisa. Hebu ifanyie lile jambo lako."

Mtandaoni palikuwa na mtu aliyejiita msimamizi wa nyumba. Alisema mwenye nyumba yuko Uarabuni, mpangaji wa sasa anatoka Jumamosi na hataki kusumbuliwa na watu wa kuja kuchungulia, na wapo wengine wawili wanaoitaka. Anayetuma amana kwanza ndiye atakayeipata. Wewe unayesoma umeshapiga kelele. Na mimi ningepiga, kama ingekuwa imeletwa kundini na mtu mwingine. Lakini hii ililetwa kwangu, na nilikuwa na mteja amesimama anasubiri mguu wa meza.

Alinitumia picha nne, ila yule mtu alikuwa ameziunganisha zikawa moja, kama dirisha la vioo vinne: uso wa nyumba, jikoni, chumba, sebule. Mimi nikaipeleka nzima nzima. Simu ikaniletea sebule za watu wa kila taifa, zinazofanana na zisizofanana, lakini hii haikuwamo. Nikatelezesha kidole chini mara mbili.

"Safi," nikamwambia. "Hii ni safi kabisa. Haipo popote."

"Una hakika, kaka?"

Hapo nikakasirika. Mimi mtu akiniuliza kama nina hakika hukasirika, hasa nisipokuwa nayo. "We! Mimi ndiye ninayewakagulia watu wa jumuiya nzima. Tuma, mwanamke, kabla hawajakuwahi."

Jioni mke wangu aliuliza kama nilizikata zile picha moja moja. Nikasema nimezikata. Akauliza kwa nini tusiende kuitazama. Sasa fikiria: kutoka kwetu mpaka Mtopanga ni mwendo wa miguu tu, mtu hata jasho halijamkolea. Nikamjibu, "Watu wana simu siku hizi, miguu ya nini?" Niliona nimesema jambo la maana sana. Mdogo wangu alicheka, akachukua simu yake akatuma amana na kodi ya mwezi wa kwanza, akaomba baraka juu yake.

Jumamosi nikakodi mkokoteni. Tulipakia magodoro, masufuria, ndoo, karai lake la viazi, na kitanda nilichomtengenezea, cha mbao nzuri, nimekipiga msasa mpaka kinateleza. Binti yake alivaa gauni la kanisani. Nilitangulia mbele ya mkokoteni nikiwasalimu watu kama bwana harusi.

Nyuma ya kanisa palikuwa na kiwanja kitupu na banda la kufyatulia matofali. Tukauliza dukani. Tukauliza nyumba ya pili, ya tatu. Simu ya yule msimamizi ililia mara mbili, kisha ikawa haipatikani. Mwenye mkokoteni akaketi kwenye kivuli cha matofali, na kijana aliyekuwa anayafyatua akasema, "Mzee, hapa alishakuja mwingine mwezi jana na vyombo." Mdogo wangu hakulia. Alibaki ameushika mguu wa kile kitanda kama mtu anayezuia kisianguke, na mtoto wake mdogo akamuuliza nyumba iko wapi. Laiti angenitukana. Mimi ningetukana.

Tulipokuwa tunarudi Bombolulu nikamwomba Mungu majirani wawe ndani. Walikuwa nje, wote.

Tuliarifu kampuni ya simu, fedha zilikuwa zimeshatolewa. Tulikwenda polisi, wakaandika, wakatupa namba ya taarifa kwenye kijikaratasi. Mdogo wangu alikikunja akakiweka ndani ya Biblia, na magodoro yakatandikwa tena sebuleni. Binti yake alivua gauni la kanisani akarudi nyuma ya pazia.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, mke wangu alikaa kitako mezani na ile picha. Sikusimama mlangoni mwa kanisa siku hiyo. Niliketi karibu naye nikiogopa, kwa sababu nilimdanganya kwamba nilizikata, na sasa anazikata. Akakaza kisanduku kwenye uso wa nyumba. Hakuna kitu. Jikoni, hakuna. Chumba, hakuna. Akazigeuza kushoto kulia, akajaribu kitafutio cha pili, hakuna. Nami nikafurahi! Nakiri, moyo wangu uliruka. Hata ningezikata nisingezikuta, basi si kosa langu. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme hivyo mbele ya mdogo wangu aliyekuwa anamenya viazi.

Mke wangu akafika kwenye sebule. Akakipunguza kisanduku mpaka kikabana kabati la televisheni lililokuwa ukutani, na kabati likajaa kioo cha simu.

Lilikuwa na droo sita. Droo tano zilikuwa na vishikio vya shaba vya mviringo. Droo ya tatu ilikuwa na kishikio kirefu cha chuma.

Kile kishikio nilikipigilia kwa mkono huu. Vya mviringo vilikuwa vimebaki vitano, duka lilikuwa limefungwa, na nilikuwa nimeahidi kupeleka siku hiyohiyo, nikatoa kishikio kwenye kabati bovu nikamwambia mwenye kabati, "Mwalimu, hii ndiyo mitindo ya sasa." Mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, Ziwa la Ng'ombe. Nyumba ile nimeingia kwa mlango wake. Nimekunywa chai juu ya meza inayoonekana pale pembeni. Nimepima ule ukuta kwa futi yangu mwenyewe.

"Nini?" mke wangu akauliza. "Mbona umekuwa hivyo?"

"Hili kabati nimelitengeneza mimi."

Kisu cha viazi kikanyamaza. Mdogo wangu akaja, akaitazama picha, akanitazama mimi. "Tangu lini umelijua?"

"Sasa hivi."

"Siku ile nilipokuletea hukulitazama?"

Niliitazama simu, nikataka kusema. Niliyatazama majibu ya simu. Picha yenyewe sikuitazama hata kidogo.

Siku hiyohiyo tukaenda Ziwa la Ng'ombe, mimi na mdogo wangu. Mwalimu alikuwa kibarazani anachambua mchicha. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, fundi. Umekuja kunibadilishia kishikio changu?" Hakuwa amesahau. Tukamweleza. Akaenda ndani, akarudi na miwani na simu, akaitazama ile picha ya vioo vinne, akaweka mkono kifuani.

Mwaka juzi alifikiri kuipangisha nyumba aende kwa mwanawe Voi, akampa dalali picha hizo kwa simu. Kisha akaghairi. Hakuziweka popote pengine. Zimetoka kwa dalali kwenda kwa mwenzake, kutoka kwa mwenzake kwenda kwa Mungu ndiye ajuaye. Ndiyo maana kitafutio hakikuziona: kinatafuta yaliyo hadharani, hakiingii kwenye simu za watu. Masikini mwalimu, akawa anamwomba mdogo wangu radhi kana kwamba ndiye aliyezila fedha zake.

"Kumbe dalali nilimpa, na ya sebule nilikupa wewe pia," akaniambia. "Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Akatelezesha kidole juu, juu, juu, mpaka mwaka juzi, akanionyesha. Picha ya sebule, ileile, imetumwa kwangu. Chini yake ameandika: "Fundi, kabati limenipendeza. Weka kwenye ukurasa wako watu waone kazi yako." Na mimi nimejibu: "Ahsante mwalimu, Mungu akubariki." Sikuiweka. Nakumbuka sasa kwa nini. Niliilinganisha na kochi la theluji nikaona itaniaibisha.

Mdogo wangu si mjinga. Alikuwa ananisikia miezi minane nikijigamba jinsi jambo hili linavyofanya kazi, anajua kitafutio kinavyotafuta na kisivyoweza kutafuta. Tulitembea mpaka tukaiacha njia kuu. Kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu mishono, "Kwa hiyo ungeiweka, siku ile simu ingekuletea picha yako mwenyewe. Na ungejua nyumba ni ya mwalimu."

"Pengine," nikasema.

"Badala yake umeweka za Waturuki."

"Za mfano," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo, barabarani, mchana kweupe.

Akasimama. "Kaka, wewe na yule msimamizi mnatofautiana nini?"

Nilitafuta jibu kwa bidii. "Mimi napokea simu," nikamwambia. Akacheka, haki ya Mungu alicheka mpaka akashika ukuta wa mtu, na katikati ya kicheko ndipo machozi yake yote ya Jumamosi yakaja. Nilisimama naye pale na watu wakipita, sina pa kuweka mikono.

Nilifuta picha zote kwenye ukurasa wangu. Ukabaki mweupe. Nikamwomba mwalimu ruhusa, nikaweka kabati lake, na maneno: "Nimelitengeneza mimi, fundi wa Bombolulu. Nyumba hii haipangishwi. Ukiiona inatangazwa, nipigie kwanza." Jumuiya niliiandikia kwamba nimestaafu ukaguzi, kwamba niliwaponya wengine nikamwangamiza ndugu yangu, na kwamba mama wa matangi ana matangi. Hilo la mwisho nililiandika kwa herufi kubwa. Viganja vya kuombea havikuja vingi.

Kesho yake nikatafuta kwa ile picha, nikakosa. Nikapandwa na hasira, nikataka kuifuta. Mke wangu akaniambia kitafutio huchukua muda kuufikia ukurasa mdogo kama wangu, huenda wiki, huenda zaidi, nitulie. Kila asubuhi nilijaribu kabla ya kushika randa. Wateja walipungua. Mmoja alipiga akauliza lile kochi jeupe limekwenda wapi. Nikamwambia limeyeyuka.

Baada ya wiki kadhaa, Jumamosi moja, tulikuwa sebuleni. Amana nimeanza kumrudishia mdogo wangu kidogo kidogo, kwa fedha za vitanda ninavyouza, lakini kidogo kidogo hakifungui mlango wa nyumba, na wenye nyumba wanataka yote kwa mkupuo. Magodoro yalikuwa yamekunjwa pembeni, yeye anamenya viazi vya jioni. Simu yangu ikalia, namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke wa bara.

"Samahani baba, wewe ndiye fundi wa kabati? Nimetafuta kwa picha ya sebule ya nyumba ninayotaka kuchukua huko Mtopanga, ikanileta kwako. Wanataka nitume amana leo."

"Usitume!" Nilipiga ukelele mpaka mtoto akashtuka. "Mama, usitume hata shilingi. Hiyo nyumba iko Ziwa la Ng'ombe na ina mwenyewe. Hilo kabati ni langu. Hebu tazama droo ya tatu."

Nikasikia anacheka, kisha anashukuru, anashukuru tena, anasema ana watoto watatu na alikuwa ameshabonyeza namba zote bado kuthibitisha. Nikamweleza aende kwa miguu yake kuona nyumba yoyote kabla ya kutoa kitu. Nilimwambia hivyo kama mtu aliyezaliwa akilijua.

Nilipokata simu nilikuwa natabasamu masikio kwa masikio. Yule mkaguzi wa zamani alikuwa amenirudia kifuani, amesimama mlangoni mwa kanisa. Nikamgeukia mdogo wangu. "Umesikia? Picha imefanya kazi! Mama wa watoto watatu!"

Alikuwa amesikia. Alikitupa kiazi kwenye ndoo ya maji, akachukua kingine.

"Namshukuru Mungu kwa ajili yake," akasema. Alikimenya chote, ganda moja refu, bila kuinua macho. "Ungeiweka mwaka juzi, kaka."